Hiyo −y(0) ya Laplasi yatoka wapi?

"Jamani, kwa nini Laplasi ya y′ ni sY − y(0)? Na y″ + 3y′ + 2y = 0, y(0) = 1, y′(0) = 0 naianzaje? Niko Mombasa, mtihani Jumatatu."

Dada, kaka aliyekujibu hapa "zidisha kwa s basi" yuko sawa pale tu y inapoanzia sifuri. Andika ∫e^(−st) y′ dt kutoka 0 hadi ∞, uintigreti kwa sehemu. Kipande cha mipakani ni e^(−st)·y: kule ∞ kinakufa, mradi s ni kubwa vya kutosha kuishinda kasi ya y, kwenye 0 kinaacha −y(0). Intigrali iliyobaki ni sY.

Rudia kwa y″: s²Y − s·y(0) − y′(0). Basi (s² + 3s + 2)Y = s + 3, yaani Y = 2/(s+1) − 1/(s+2), na y = 2e^(−t) − e^(−2t).

Ile 3 ya kulia hutoka kwa 3y′, na wengi huisahau. Ukiiacha, y(0) bado itatoka 1 ikuhadae, lakini y′(0) itatoka −3. Hakiki zote mbili.