Mirathi ya baba: kwa Kadhi au Mahakama Kuu?

*Wakili, baba yetu, Muislamu wa Kisauni, amefariki. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Kaka amefungua kesi kwa Kadhi. Mimi nataka Mahakama Kuu ili nipate sawa na yeye. Pia kuna kijana wa nje ya ndoa, Muislamu, na yeye hataki kesi iende kwa Kadhi. Nifanyeje?*

Pole kwa msiba, dada yangu. Kuhama mahakama peke yake hakukupi fungu sawa na la kaka. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 2(3), inasema mali ya aliyefariki akiwa Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Jaji wa Mahakama Kuu naye atapiga hesabu ileile.

Tuseme baada ya kulipa madeni na gharama za maziko inabaki nyumba ya shilingi milioni 8. Mama anachukua thumni, yaani milioni 1. Milioni 7 zinakuwa mafungu saba: kila mwana mawili, kila binti moja. Wewe unapata milioni 1, kaka milioni 2.

Sasa huyo kijana. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilikataa watoto wa marehemu Muislamu wanyimwe urithi kwa sababu tu wamezaliwa nje ya ndoa, na uamuzi wake unazifunga mahakama zote, ya Kadhi ikiwemo. Akithibitisha kuwa ni mtoto wa baba yenu, zile milioni 7 zinagawanywa mafungu tisa, na lako linashuka hadi kama shilingi 778,000. Nakwambia mapema usije ukalijua hili mbele ya jaji.

Mahakama yenyewe inaleta tofauti kwenye ridhaa. Kwa Ibara ya 170(5) ya Katiba, Kadhi husikiliza mirathi pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali mamlaka yake. Mmoja akikataa, Kadhi hana kesi, na hukumu atakayotoa inaweza kutenguliwa baada ya miaka ya kuhudhuria. Mahakama Kuu haihitaji ridhaa hiyo, ila mara nyingi gharama ya wakili huko ni kubwa zaidi.

Kataa mapema, tena kwa maandishi. Niliwahi kumwakilisha mama aliyehudhuria vikao vyote kwa Kadhi, akatia saini orodha ya mali, na hukumu ilipomwendea kombo ndipo akasema hakuridhia. Kwenye rufaa ilisomwa saini yake, na hoja ikafia hapo. Rufaa ya Kadhi huenda Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi na jaji kama washauri.

Kama kijana angeridhia, ningekushauri ubaki kwa Kadhi. Kwa kuwa hataki, mwombe awasilishe pingamizi la mamlaka kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa, kisha mfungue mirathi Mahakama Kuu ya Mombasa mkiwataja warithi wote, na yeye akiwemo.