Risiti ya meseji na ya QR: isome kabla hujaondoka dukani

"Wakuu, nimenunua simenti duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba risiti. Muuzaji akasema siku hizi hawachapishi, nitatumiwa kwenye simu. Imeingia meseji yenye linki tu. Hiyo ni risiti kweli au nimepigwa? Na meseji ya M-Pesa niliyolipia si inatosha?"

Mkuu, inaweza kuwa risiti halali kabisa, ila huwezi kujua mpaka uifungue hiyo linki. Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Morogoro, na kila mwisho wa mwezi naletewa rundo la vitu vinavyoitwa risiti.

Nianze na M-Pesa, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Meseji ya malipo inasema pesa imetoka kwako ikaenda kwa fulani: namba ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe, saa, makato na salio lililobaki. Haisemi umenunua nini, haina TIN ya muuzaji wala haichambui kodi. Itakusaidia muuzaji akidai kwamba hukulipa, lakini mhasibu wako akipeleka hiyo TRA hatasikilizwa. (Na ukimtumia mtu skrini shoti yake, kata salio kwanza. Watu wanaanika akiba zao kwenye magrupu bila kujua.)

Sasa hiyo linki. Mashine za EFD zimekuwepo Tanzania Bara tangu 2010, zile zinazotema karatasi ya joto inayofutika ukiiacha kwenye dashibodi ya gari. Siku hizi muuzaji anaweza kutumia VFD, yaani kazi ileile inafanywa na programu kwenye simu au kompyuta. Anaingiza bidhaa na bei, taarifa zinakwenda TRA, wewe unaoneshwa QR uiskani au unatumiwa meseji. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, ndiyo maana haiwezi kubeba risiti nzima. Inabeba anwani ya mahali risiti ilipo, na QR nayo ni anwani hiyohiyo iliyochorwa kwa vidoti.

Anwani yenyewe inakaa hivi:

```
https://verify.tra.go.tz/A1B2C3457_143205
```

Angalia kwanza hapo katikati: lazima iwe `tra.go.tz` na baada yake mkwaju. Kama kuna kitu kingine, mfano `tra-go-tz.com`, funga. Baadhi ya programu za VFD hutuma kwanza linki ya kampuni iliyozitengeneza, na hilo si kosa, lakini ukurasa huo si wa TRA. Ndani yake tafuta msimbo wa uhakiki, kisha uingize mwenyewe kwenye `verify.tra.go.tz`. Itakuuliza msimbo, halafu muda wa risiti. Kwenye mfano wangu `A1B2C3` inatambulisha mashine au programu iliyosajiliwa, `457` ni hesabu ya risiti tangu ianze kazi, na `143205` ni muda, saa nane na dakika 32 mchana.

Ukurasa ukifunguka utaona karibu kila kilichokuwa kwenye karatasi, kuanzia `START OF LEGAL RECEIPT`. Juu kuna jina la biashara, TIN, VRN yaani namba ya usajili wa VAT, namba ya mashine na ofisi ya kodi inayomhudumia. Chini yake kuna sehemu yako wewe mnunuzi, kisha namba ya risiti, tarehe na saa, halafu bidhaa na jumla.

Tuchukue simenti yako. Tuseme ni mifuko 20 kwa 17,700 kila mmoja, jumla 354,000. Kwa muuzaji aliyesajiliwa VAT, kwa kiwango cha kawaida cha 18%, risiti inatakiwa ioneshe `TOTAL EXCL OF TAX` 300,000, kodi 54,000, na `TOTAL INCL OF TAX` 354,000. Ukitaka kuhakiki mwenyewe, gawa jumla kwa 1.18. Usizidishe jumla kwa 18%, utapata 63,720 ambayo si kodi iliyomo humo. Ukikuta kwenye VRN pameandikwa `NOT REGISTERED`, basi huyo hayuko kwenye VAT, risiti yake bado ni halali, ila hakuna VAT ya kudai hapo. Na kama hayuko kwenye VAT halafu dukani alikwambia "ongeza ya VAT", rudi mkaongee.

Sehemu ya mnunuzi ndiyo inayowaumiza wateja wangu. Muuzaji mwenye foleni anaruka jina na kitambulisho, risiti inatoka bila jina lako. Kama simenti ni ya nyumba yako mwenyewe, haina shida. Kama ni ya kampuni, taja TIN kabla hajabonyeza kutuma, kwa sababu risiti ikishakwenda TRA haifutwi wala kurekebishwa kienyeji.

Kuna hali moja inawatisha watu bila sababu: unaskani, TRA inasema risiti haipo. Usimrukie muuzaji. Ule msimbo unatengenezwa hapohapo kwenye programu yake, kwa kuunga herufi za usajili na hesabu ya risiti. Kwa hiyo QR inaweza kutoka wakati mtandao umekatika na risiti haijafika bado. Jaribu tena jioni. Kesho yake ikiwa bado haipo, hapo una haki ya kurudi dukani.

Udanganyifu ninaokutana nao mara nyingi wala si wa QR bandia. Ni risiti pungufu: umelipa 354,000, linki inafunguka vizuri TRA, kila kitu kijani, ila imeandikwa 54,000. Watu wanaona nembo ya TRA wanaridhika, jumla hawaisomi. Mwingine ni wa risiti ya mtu mwingine. Mteja wangu mmoja aliletewa picha ya QR ya duka fulani, nikaiskani, risiti ipo kabisa, lakini ni ya misumari na ya wiki mbili nyuma. QR haijui nani ameishika. Kwa hiyo linganisha vitu vitatu kabla hujatoka: tarehe na saa, bidhaa, na jumla. Ukishika meseji ya M-Pesa mkono mmoja na ukurasa wa TRA mwingine, kiasi kinatakiwa kifanane na muda usipishane sana.

Kama ulinunulia Zanzibar, usihangaike na tovuti ya TRA. Risiti za mauzo ya kule ziko chini ya ZRA, na zina mfumo wake wa uhakiki.

Mwisho, kuitunza. Usitegemee meseji, simu inaibiwa na meseji zinafutwa. Nyaraka za kodi zinatakiwa zitunzwe angalau miaka mitano. Linki ikifunguka, chagua kuchapisha kisha hifadhi kama PDF, faili uipe jina linaloanza na tarehe, mfano `2025-03-14_simenti_354000.pdf`, zitajipanga zenyewe. Skrini shoti inafaa kwa dharura, ila hakikisha imeshika msimbo wa uhakiki na saa, kwa sababu ukiwa na hivyo viwili unaweza kuitafuta tena hata linki ikipotea.

Fungua hiyo linki yako mkuu, halafu uje utuambie kwenye jumla pameandikwa ngapi.