Waya mita 120, ukuta mita 30: je, 1800 ndilo eneo kubwa kabisa?

*"Zizi la mbuzi la mstatili, Kisauni. Waya ni mita 120, na upande mmoja ni ukuta wa matumbawe wa mita 30 usiohitaji waya. Nimepata x = 30, eneo mita mraba 1800, derivativi ya pili ni −4. Mbona naambiwa nimekosea?"*

Kwa sababu zizi hilo lina pengo. Pande mbili zinazotoka ukutani ni x kila mmoja, kwa hivyo upande wa tatu ni 120 − 2x. Kwa x = 30 unapata mita 60, na ukuta wako ni 30 tu. Mita 30 za nyuma ziko wazi, na mbuzi watakuwa kwa jirani kabla ya adhuhuri.

Ile −4 haijadanganya. Inasema mchoro wa A = 120x − 2x² umepinda kuelekea chini, basi. Habari za ukuta haina, hizo unaziweka wewe kwenye mipaka: 120 − 2x isizidi 30 wala isishuke chini ya 0, yaani x iwe kati ya 45 na 60. Hiyo 30 yako imebaki nje. Ndani ya mipaka, mteremko 120 − 4x ni hasi kote, eneo linapungua tu kadiri x inavyokua, kwa hivyo kilele kiko mwanzoni: x = 45, eneo 45 × 30 = 1350. Ncha ya pili, x = 60, inatoa sifuri. Pale 45 mteremko ni −60, si sifuri, na ndiyo maana anayetafuta sifuri peke yake hapaoni.

Lakini usiandike 1350 upesi. Soma swali tena: je, waya waruhusiwa kupita mwisho wa ukuta? Ikiwa ndiyo, uite upande wa nyuma y. Sasa waya unaziba pia y − 30:

```
2x + y + (y - 30) = 120
x = 75 - y
A = 75y - y²
```

Mteremko 75 − 2y ni sifuri pale y = 37.5, ambayo iko ndani ya mipaka ya 30 hadi 75, na derivativi ya pili ni −2. Hapa sasa kipimo chako kinafanya kazi. Ncha y = 30 inarudisha ile 1350, dalili kwamba fomula mbili zimeungana vizuri, na y = 75 inatoa sifuri. Jibu ni mraba wa mita 37.5, eneo 1406.25, na mita 7.5 za waya zimeingia nyuma kuendeleza ukuta.

Ukuta ukifika mita 40, kurefusha nyuma hakuongezi kitu. Na hiyo 1800 yako inasimama ukuta ukiwa mita 60 au zaidi.