Voisi ya ofa ya Idd isikike kama unaongea, sio unasoma

Swali: Kaka habari, nauza madera hapa Tanga nataka kurekodi voisi ya ofa ya Idd niweke stetasi ya WhatsApp. Nimeandika "Tunapenda kuwatangazia wateja wetu wapendwa kwamba katika msimu huu wa sikukuu tunatoa punguzo kabambe" ila nikijisikiliza nasikika kama tangazo la msiba redioni. Nifanyeje?

Jibu: Dada angu, kinachokuangusha ni hiyo "tunapenda kuwatangazia". Mtu akishaisikia anajua ni tangazo, anagusa pembeni anahamia stetasi ya mwingine na bei hajaisikia. Halafu "tunapenda" mko wangapi hapo dukani? Sema "mimi", na mzigo na bei vitoke sekunde za mwanzo kabisa. Mi ningesema hivi:

"Jamani, madera ya Idd yameshaingia! Yale ya ishirini na tano sasa hivi nakupa kwa ishirini. Yaani ukichukua mawili, mtandio juu yangu. Ya bluu yamebaki machache, siwafichi. Mwisho Jumatano usiku, Alhamisi bei inarudi palepale. We nijibu hapahapa, niandikie rangi tu, mengine ntakuuliza mwenyewe."

Hapo ukiongea bila haraka haufiki hata nusu dakika, usirefushe. Ona nimesema "ishirini na tano", sio "shilingi elfu ishirini na tano za Kitanzania", maana dukani hakuna anayeongea hivyo. Na nimeanza na "jamani" badala ya "mashoga zangu" kwa sababu wapo kina baba wanaowanunulia wake zao, usiwafukuze mlangoni.

Sasa siku ya mwisho ndo wengi wanachemka. Stetasi inakaa masaa 24, ukirekodi Jumatatu usiku ukasema "mwisho kesho", atakayeisikiliza Jumanne mchana anaelewa Jumatano, anakuja bei imeshapanda mnaanza kugombana. Taja jina la siku. Wala usiseme "mpaka mkesha wa Idd", mwezi usipoandama utaongeza siku ya ofa bila kupanga.

Namba ya simu usiitaje kabisa, anayeona stetasi yako ni mtu uliyesevu namba yake na yeye kasevu yako, anajibu hapohapo chini.

Kurekodi, usishike karatasi usome neno kwa neno. Andika vitu vinne tu: bei, mtandio, Jumatano, rangi, halafu ongea kama shoga yako kasimama mbele ya meza. Ukikosea neno katikati ukajirekebisha acha hivyohivyo, ila ukikosea bei futa urudie. Isikilize kwanza kabla hujaituma, na kama feni inavuma kuliko wewe, izime.

Stetasi inayofuata weka picha ya dera na bei imeandikwa juu yake, kuna watu wanapitia stetasi wakiwa kazini na hawawezi kufungua sauti.