ACOS imeshuka, TACOS imepanda: fedha imekwenda wapi?

Swali: Tunauza vikapu vya mkonge vya Tanga kwenye Amazon ya Marekani, kwa akaunti anayoisimamia dada yangu aliyeko huko. Mwezi wa tatu ACOS yetu ilikuwa asilimia 34, na mwezi wa nne ikashuka hadi 22, tukafurahi. Lakini TACOS imepanda kutoka 10 hadi 15, na fedha iliyobaki imepungua. Tuiamini namba ipi? Takwimu nimeziambatanisha. (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Jibu: Ndugu yangu, namba zote mbili ni za kweli, ila kila moja inapima kitu chake. ACOS inalinganisha gharama ya matangazo na mauzo ambayo Amazon imeyahesabu kuwa yametokana na matangazo hayo. TACOS inachukua gharama ileile na kuilinganisha na mauzo yote ya duka, yakiwemo ya mnunuzi aliyekifikia kikapu chenu bila kubofya tangazo lolote. Zinaunganishwa na hesabu moja, nayo ndiyo inayofichua kilichotokea kwenu:

```
ACOS  = gharama ya matangazo / mauzo ya matangazo
TACOS = gharama ya matangazo / mauzo yote
TACOS = ACOS x (mauzo ya matangazo / mauzo yote)
```

Ukiutazama mstari wa tatu utaona kwamba ACOS inaweza kushuka huku TACOS ikipanda, iwapo tu sehemu ya mauzo inayopitia kwenye matangazo imekua kwa kasi zaidi. Mwezi wa tatu mliuza vikapu vya dola 5,000, na kati ya hizo dola 1,500 zilitokana na matangazo yaliyogharimu dola 510. Mwezi wa nne mauzo yote yalikuwa dola 5,100, ya matangazo yakafika 3,500, na gharama ikawa 770. Matangazo yalitoka kubeba asilimia 30 ya mauzo yakafika karibu asilimia 69, lakini duka lenyewe liliongeza dola 100 tu. Mauzo yaliyokuwa yakija yenyewe yalishuka kutoka dola 3,500 hadi 1,600.

Hapo ndipo fedha yenu ilipokwenda. Umeandika kwamba kikapu cha dola 40 kinabakiza dola 14 baada ya kutoa gharama ya kusuka, usafirishaji na makato ya Amazon, kabla ya matangazo. Hiyo ni asilimia 35. Kwa hiyo mwezi wa tatu mlibaki na dola 1,750 kutoa 510, yaani 1,240. Mwezi wa nne mlibaki na 1,785 kutoa 770, yaani 1,015. Mliongeza dola 260 za matangazo ili kupata dola 100 za mauzo mapya, ambazo faida yake ni dola 35.

Sasa sababu. Katika ripoti ya maneno ya utafutaji, ile inayoitwa "Search term report", nimeyatenga maneno yenye jina la vikapu vyenu na maneno yasiyo na jina hilo. Mwezi wa tatu hamkuwa mkitangaza kwa jina lenu kabisa. Mwezi wa nne mlianzisha kampeni ya jina hilo, nayo peke yake ilihesabiwa mauzo ya dola 2,100 kwa gharama ya 170, sawa na ACOS ya asilimia 8. Maneno mengine yote yalileta dola 1,400 kwa gharama ya 600, sawa na asilimia 43. Asilimia 22 mliyoifurahia ni mchanganyiko wa makundi hayo mawili, na ndani yake kazi ya kutafuta wateja wapya imeharibika: imetoka asilimia 34 na kuvuka ile 35 ambayo juu yake kila kikapu kinauzwa kwa hasara.

Mtu anayeandika jina la vikapu vyenu kwenye kisanduku cha kutafutia anawajua tayari. Tangazo likitokea juu ya bidhaa yenu ileile, atalibofya kwa kuwa liko karibu zaidi na jicho, na ninyi mtalipia mbofyo huo. Ni sawa na dalali anayesimama mlangoni pa duka lako pale Ngamiani na kudai ujira kwa kila mteja aliyekuwa anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Mauzo yaliyojileta yamepungua kwa dola 1,900, na kampeni ya jina imehesabiwa 2,100; ukaribu wa namba hizo ni dalili nzito, ingawa haujawa ushahidi kamili. Kabla ya kuhukumu, hakikisheni kwamba mwezi wa nne hamkupandisha bei na wala bidhaa haikuisha ghalani, maana hayo nayo hupunguza mauzo yanayojileta.

Ushahidi unapatikana kwa jaribio. Msiizime kampeni ya jina ghafla, kwa sababu washindani nao wanaweza kutangaza kwenye jina lenu na kuwachukulia wanunuzi. Punguzeni dau lake kwa nusu kwa wiki mbili, na katika kampeni nyingine zote liwekeni jina hilo kama "Negative phrase", ili lisijipenyeze kupitia kampeni ya kujiendesha na kuwavurugia hesabu. Kinachotazamwa ni mauzo yote, ambayo mtayapata kwenye safu ya "Ordered Product Sales" katika ripoti za biashara, wala si ACOS. Mauzo yote yakibaki palepale huku gharama ikishuka, mlikuwa mnalipia wateja wenu wenyewe. Yakishuka kwa kiasi kinachoonekana, kampeni hiyo ina kazi ya kulinda mlango na inastahili fedha yake.

Msisome matokeo siku ya kumi na nne yenyewe. Kwa wauzaji kama ninyi, Amazon huhesabu kwenye tangazo mauzo yaliyofanyika ndani ya siku 7 tangu mbofyo, na huyaandika kwenye tarehe ya mbofyo. Gharama inaonekana mapema, mauzo yanafuata, na kwa hiyo siku za mwisho za ripoti yoyote huonekana mbaya kuliko zilivyo. Nimewaona wauzaji wakizima kampeni nzuri siku ya Jumatatu kwa kutazama Jumamosi na Jumapili peke yake. Subirini wiki moja zaidi.

Kwa maneno yasiyo na jina lenu, kipimo ni ile asilimia 35, nayo inahesabika kirahisi neno kwa neno. Mbofyo wenu hugharimu wastani wa senti 70, na faida ya kikapu ni dola 14. Kwa hiyo mibofyo 20 bila mauzo imekwisha kula faida ya kikapu kizima. Neno pana kama "woven basket" limewaletea mibofyo mingi ya watu wanaotafuta vikapu vya plastiki na vya kufulia nguo, na hapo ndipo sehemu kubwa ya zile dola 600 ilipopotelea. Lizuieni kwa "Negative exact", kisha dau mlihamishie kwenye maneno yanayotaja mkonge, kama "sisal basket with lid".

Mkija kuingiza kikapu kipya, msishtuke mkiona picha iliyo kinyume na hii. ACOS ya bidhaa mpya inaweza kukaa juu ya 35 kwa wiki kadhaa huku TACOS yake ikishuka wiki hadi wiki, kwa sababu mauzo ya matangazo yanaipandisha bidhaa katika matokeo ya utafutaji na mauzo yanayojileta yanaanza kukua. Hasara hiyo inavumilika maadamu TACOS inaendelea kushuka. Ikisimama mahali pamoja kwa mwezi mzima na ACOS bado iko juu, punguzeni dau.