Re: Status ya wifi yangu, ni mimi anayenisema?

"Wifi kaweka status: 'Kuna watu kukopa wanajua, siku ya kulipa anazima simu.' Nina deni lake la elfu 30. Ni mimi?"

Shoga, salama? Kwanza muulize ndugu mnayeaminiana kama naye ameiona. WhatsApp inamruhusu mtu kuchagua nani aone status yake, kwa hiyo ikiwa imekufikia wewe na wengine hawana, hilo si fumbo tena, ni barua.

Halafu rudia maneno. Ameanza na "wanajua", wengi, akamalizia "anazima", mmoja. Mwenye hasira huteleza hapo, maana kichwani ana sura moja. Ingawa mwenye haraka naye huteleza, na kama ni maneno ya kunakili yanayozunguka kila kona, kosa si lake.

Kinachobaki ni simu. Je, uliizima siku aliyokupigia? Kama hukuzima, huenda kuna mdaiwa mwingine. Kama ulizima, mimi ningesema ni wewe, ila siwezi kuapa.

Usimuulize "umenisema mimi?" Atakujibu "kama hayakuhusu yamekuwasha nini?", na hapo huna la kusema. Mimi yalinikuta, nikatuma nusu ya deni kimyakimya. Jioni status ilikuwa picha ya pilau.