Seli tupu si sifuri: nilivyokokotoa alama za wenza wa chumba

Mwaka wa kwanza nilipoombwa kupanga mabinti wa hosteli wawili wawili kwa kutumia dodoso, jozi iliyoongoza orodha ilikuwa na asilimia 100. Nilifurahi, kisha nikafungua majibu yao. Wote wawili hawakujaza swali hata moja. Excel inapokutana na seli tupu kwenye kutoa, huisoma kama 0, na sifuri kutoa sifuri ni sifuri: hakuna tofauti, basi wanapatana kabisa!

Dodoso lilikuwa na maswali matano ya alama, kila jibu kati ya 1 na 5, na swali moja la sigara. Mapatano ya swali moja ni 1 kutoa tofauti ya majibu iliyogawanywa kwa 4. Uzito niliupanga hivi: muda wa kulala 5, usafi 4, wageni 3, muziki 2, kupika 1. Sigara niliitoa kwenye hesabu kabisa. Mwenye pumu hafidiwi moshi kwa kupewa mwenzake anayependa usafi, kwa hiyo hilo ni la kuchuja kwanza, na aliyeliacha wazi nilimfuata nikamuuliza.

Kurekebisha, nilihesabu maswali ambayo wote wawili wamejibu tu, nikagawa kwa uzito wa hayo hayo. Jozi moja ilijibu yote: mapatano yao yalikuwa 0.75, 1, 0.5, 1 na 0. Ukizidisha kila moja kwa uzito wake na kujumlisha unapata 11.25, na ukigawa kwa 15 ni asilimia 75. Safi. Lakini jozi nyingine ilikutana kwenye swali la kupika peke yake, wakajibu sawasawa, wakapata 1 kwa 1, yaani 100 tena. Kosa lile lile, limebadili nguo tu.

Dawa ilikuwa kuikopesha kila jozi kiasi cha wastani wa jozi zote, ambao kwangu ulikuwa 0.6, kwa uzito wa 5:

```
alama = (jumla_mapatano + 5 * 0.6) / (jumla_uzito + 5)
```

Jozi ya kwanza inakuwa 14.25 kwa 20, asilimia 71. Ya pili ni 4 kwa 6, asilimia 67. Anayejibu machache anavutwa karibu na wastani: haadhibiwi, ila hapandi kileleni kwa bahati. Hiyo 5 niliichagua kwa kujaribu. Ukiikuza mno, jozi zote zinafanana na orodha haikusaidii kitu.

Kando ya kila alama sasa naandika uzito wa maswali waliyojibu wote wawili. Ukiwa chini ya 5 kati ya 15, sionyeshi asilimia. Naandika "majibu hayatoshi" na kuwarudishia dodoso. Wengi huwa hawakukataa kujibu, walikuwa hawajageuza ukurasa wa pili.